Kamba ya Mita Sita

Mjomba alitaka banda la msonge la kupumzikia, nyuma ya nyumba yake kule Kibaha. Alikuwa ameliota siku nyingi: ukuta mfupi wa tofali, paa la makuti, viti vinne na bao la kete katikati. "Mita sita zinanitosha," alimwambia fundi kwenye simu, na fundi akajibu kwamba mita sita si kazi ya kumtoa mtu jasho. Bei ikapatana, siku ikapangwa.

Siku yenyewe fundi alifika saa moja asubuhi na vijana wawili. Akachagua mahali pa katikati, akapigilia kigingi, akafunga kamba ya manila, akainyoosha juu ya tepu mpaka ikasoma mita sita kamili, kisha akapiga fundo. Kijana mmoja akashika kamba pale penye fundo na kuanza kuzunguka akimwaga chokaa. Kamba ilikaza mwanzo hadi mwisho, na duara lililotokea lilikuwa zuri kuliko lolote nililowahi kuchora ubaoni katika miaka yangu ya kufundisha hisabati. Mjomba alipotoka na kikombe chake cha chai, alikuta mstari mweupe umepita nyuma ya mwembe, umekata njia ya kwenda kwa kuku na unakaribia ngazi za jikoni.

"Fundi, hili ni banda au ukumbi wa harusi?"

"Mzee, si ulisema mita sita?"

"Sita ndiyo, kutoka huku mpaka huku."

"Na mimi nimeshika sita, kutoka hapa kwenye kigingi."

Hakuna aliyedanganya hapo. Mjomba alitaja upana wa banda kutoka ukingo mmoja hadi wa pili kupitia katikati, yaani kipenyo. Fundi akaupa urefu ule kwa kamba, na kamba iliyofungwa kwenye kigingi haijui kipenyo; yenyewe inapima kutoka katikati hadi ukingoni, yaani nusu kipenyo. Mita sita za mdomo zikageuka kuwa mita kumi na mbili za ardhi.

Kosa hili nimelikuta mara nyingi, shambani na darasani, na siku zote lina mzizi uleule. Watu tunasema kipenyo. Sufuria, bomba, tanki, meza ya duara, yote tunayataja kwa upana wake mzima, kwa sababu huo ndio unaopimika. Katikati ya mfuniko wa sufuria hakuna alama ya kuanzia kupima, wala katikati ya bomba hakuna kitu chochote. Lakini kamba ya fundi, bikari ya mwanafunzi na kanuni iliyokaririwa darasani vinataka nusu kipenyo. Kila mara tunapotoka kwenye maneno kwenda kwenye kamba, au kutoka kwenye tepu kwenda kwenye kanuni, kuna hatua moja ndogo ya kugawa kwa mbili. Hatua hiyo ndiyo inayosahaulika, au inayokumbukwa wakati si wake.

Lugha yetu, kwa kweli, imetusaidia kuliko tunavyodhani. Kipenyo kimetokana na kupenya: ni mstari unaoingia upande mmoja wa duara, ukapita katikati na kutokea upande wa pili. Mstari usiopita katikati haujakipenya chochote. Umekata pembeni tu. Mzingo ni ule urefu wa kuzunguka, na ukisikia mzingo ukakumbuka kuzingira, hutasahau maana yake. Na nusu kipenyo inajieleza yenyewe, kwa kuwa amri ya kugawa kwa mbili imo ndani ya jina. Wapo walimu wanaopenda kusema rediasi, nami siwalaumu, ila anayesema nusu kipenyo anajikumbusha kazi kila anapolitamka neno.

Basi tulifuta chokaa, fundi akapiga fundo jipya kwenye mita tatu, na duara likachorwa upya. Banda likawa na kipenyo cha mita sita kutoka nje hadi nje. Ngoja tulipime sasa kwa hesabu, polepole.

Kuupata mzingo ni rahisi, na hapa ndipo watu wengi hujitwisha mzigo usio wa lazima. Shuleni tulikariri kwamba mzingo ni mara mbili ya pai mara nusu kipenyo. Ni kweli, lakini mara mbili ya nusu kipenyo si kitu kingine ila kipenyo chenyewe. Mtu mwenye kipenyo mkononi anakigawa kwa mbili, kisha anakizidisha kwa mbili, na katikati ya safari hiyo ya kwenda na kurudi anaweza kupotelea njiani. Kama unacho kipenyo, zidisha kwa pai, umemaliza:

mzingo = π × d

Hapo d ni kipenyo. Kwa banda la mjomba ni 3.14 × 6, yaani mita 18.84. Huo ndio urefu wa mstari wa chokaa. Kwenye duara la kwanza, lile la kamba ya mita sita, kipenyo kilikuwa mita 12 na mstari ulikuwa mita 37.68. Vijana wa kuchimba msingi waliokubaliana kulipwa kwa mita wangelipwa mara mbili, na wasingekuwa na kosa.

Kuhusu pai yenyewe nitasema kidogo tu, maana watu huigombania bure. Wengine wanataka 22/7, wengine 3.14, na kila upande unaona mwenzake anakosea. Arkimedes wa Sirakusa, zaidi ya miaka 2200 iliyopita, alithibitisha kwamba pai ni pungufu kidogo ya 22/7, kwa hiyo sehemu hiyo inazidisha kidogo. Nayo 3.14 inapunguza kidogo, kwa sababu pai inaendelea 3.14159 na kuendelea bila mwisho. Kwenye banda la mita sita, 22/7 inaongeza kwenye mzingo milimita kama nane, na 3.14 inapunguza kama sentimita moja. Unene wa mstari wa chokaa ni mkubwa kuliko tofauti hizo. Tumia 22/7 kipenyo kinapogawanyika kwa saba, tumia 3.14 kwingineko, ulale usingizi. Aliyesahau kugawa kwa mbili hataokolewa na pai yenye tarakimu kumi.

Eneo ndipo kosa linapokuwa ghali. Mjomba alitaka sakafu ya zege, na binti yake aliye kidato cha kwanza akajitolea kupiga hesabu. Alikumbuka kanuni vizuri sana: pai mara nusu kipenyo mara nusu kipenyo. Akachukua sita, akazidisha kwa sita, akapata 36, akazidisha kwa 3.14, akaja mbio na jibu: mita za mraba 113.04. Fundi alilitazama karatasi, akatazama duara, akacheka chini chini. Hakujua kosa liko wapi, lakini jicho lake lilimwambia kwamba vitu hivyo viwili havifanani.

Jibu sahihi linaanzia kwenye nusu kipenyo, mita tatu. Tatu mara tatu ni tisa, na tisa mara 3.14 ni mita za mraba 28.26. Jibu la binti lilikuwa mara nne ya hilo. Si mara mbili, ni mara nne, na hapa watu hushangaa. Alisahau kugawa kwa mbili mara moja tu, imekuwaje kosa likawa mara nne? Ni kwa sababu kwenye eneo nusu kipenyo kinazidishwa chenyewe kwa chenyewe. Kilichoongezeka mara mbili kinakutana na mwenzake aliyeongezeka mara mbili. Kwenye mzingo kosa la kuchanganya kipenyo na nusu yake linazidisha jibu mara mbili. Kwenye eneo linalizidisha mara nne.

Jambo hilohilo linawapata wanaonunua mabomba. Mtu mwenye bomba la inchi moja lililoharibika huona kwamba mabomba mawili ya nusu inchi yatafanya kazi yake, kwa kuwa nusu na nusu ni moja. Lakini tundu la bomba ni duara, na maji yanapita kwenye eneo la tundu, si kwenye upana wake. Ukichukua majina yao kama yalivyo, tundu la nusu inchi ni robo ya tundu la inchi moja. Angehitaji manne, na hata hayo manne yangepitisha maji kidogo kuliko lile moja, kwa sababu kwenye bomba jembamba sehemu kubwa zaidi ya maji inasuguana na ukuta.

Turudi kwenye karatasi ya binti. Je, angewezaje kujua mwenyewe kwamba 113.04 haiwezekani, bila fundi wa kumcheka? Nilimwambia achukue vijiti vinne na kuchora mraba unaolibana duara kwa nje, kila upande ukiligusa ukingoni. Upande wa mraba huo ni sawa na kipenyo, mita sita, kwa hiyo eneo lake ni mita za mraba 36. Duara limo ndani ya mraba, tena pembe nne zimebaki wazi. Eneo la duara lazima liwe dogo kuliko 36. Jibu lolote linalozidi kipenyo mara kipenyo ni uongo, na huhitaji kikokotoo kulijua.

Kipimo hicho kinakamata pia kosa la pili, ambalo kwa maoni yangu ni la hila kuliko la kwanza. Mwanafunzi anakumbuka vizuri kwamba kuna mahali pa kugawa kwa mbili, lakini anagawa akiwa amechelewa. Anazidisha 6 kwa 6, anapata 36, ndipo anakumbuka nusu, anapata 18, anazidisha kwa 3.14 na kuandika 56.52. Nafsi yake imetulia kwa sababu nusu ameitoa. Lakini nusu inayotolewa baada ya kuzidisha ni nusu moja tu, wakati nusu mbili zilitakiwa, moja kwa kila upande. Hapa lile jina letu zuri la nusu kipenyo linamponza asiye makini: anasikia nusu, anasahau kwamba ni kipenyo kinachotakiwa kukatwa, si matokeo yake. Jibu la 56.52 nalo linazidi 36, kwa hiyo mraba wa nje unalikataa.

Kosa la tatu haliogopi mraba. Baadhi ya wanafunzi wakiona kipeo cha pili juu ya nusu kipenyo wanazidisha kwa mbili badala ya kuzidisha namba kwa yenyewe. (Kipeo na kipenyo yanafanana mdomoni kuliko inavyofaa, na sijui ni nani wa kulalamikiwa.) Kwao tatu yenye kipeo cha pili ni sita, na eneo linakuwa 3.14 × 6, yaani 18.84. Jibu hili ni dogo kuliko 36, kwa hiyo linapita. Hata ukichora mraba mwingine ndani ya duara, pembe zake zikigusa ukingo, utakuta eneo lake ni 18, na 18.84 inapenya tena kwa tundu la sindano. Lakini litazame vizuri: 18.84 ndiyo namba ileile ya mzingo. Ni lazima iwe hivyo, maana kuzidisha nusu kipenyo kwa mbili ni kurudi kwenye kipenyo. Ukiona eneo lako na mzingo wako vina namba moja, shuka urudie hesabu. Kipo kipenyo kimoja tu ambacho mambo hayo yanalingana kihalali, nacho ni kipenyo cha 4, kiwe cha sentimita au cha mita; duara lake lina mzingo wa 12.56 na eneo la 12.56. Ndiyo maana mwalimu mwenye busara hatoi mfano wa kwanza kwa kipenyo cha nne.

Kuna kipimo kikali zaidi cha kuwa nacho kichwani. Duara huchukua kidogo zaidi ya robo tatu ya mraba unaolibana. Robo tatu ya 36 ni 27, na 28.26 imeipita kidogo, kama inavyotakiwa. Namba 18.84 ni kama nusu tu ya 36, kwa hiyo hapo inaanguka. Mzingo nao una kipimo chake: ni mara tatu ya kipenyo na ziada kidogo. Mara tatu ya sita ni 18, ziada kidogo ni 18.84. Atakayekuletea mita 37 au mita 9 kwa banda la mita sita amechanganya kipenyo na nusu yake, ama kwa kuzidisha ama kwa kupunguza.

Hiyo robo tatu na kidogo inatoka wapi? Tulikuwa tumekaa kwenye chai na sahani ya chapati, nikaona nimwonyeshe binti kwa chapati. Tuliikata vipande kumi na sita vya pembetatu, kama wanavyokata keki. Kisha tukavipanga kwenye sinia: kimoja ncha juu, kinachofuata ncha chini, vikilaliana. Kilichotokea kilifanana na mkeka mfupi. Kimo chake ni urefu wa kipande kutoka ncha hadi ukingo, yaani nusu kipenyo cha chapati. Urefu wake umetengenezwa na kingo za vipande, lakini kingo nane ziko juu na nane ziko chini, kwa hiyo urefu wa upande mmoja ni nusu ya mzingo. Ukikata vipande vyembamba zaidi, ile mikunjo ya ukingoni inazidi kunyooka na mkeka unazidi kuwa mstatili. Chapati haijaongezeka wala kupungua, imepangwa upya tu. Eneo lake ni nusu ya mzingo mara nusu ya kipenyo.

Nusu mara nusu ni robo. Kwa hiyo mtu mwenye kipenyo tu hana haja ya kugusa nusu kipenyo kabisa. Anatafuta mzingo, anauzidisha kwa kipenyo, anagawa kwa nne. Kwa banda: 18.84 × 6 ni 113.04, gawa kwa nne, 28.26. Binti alipoiona 113.04 ikitokea tena alicheka. Hesabu yake ya asubuhi haikuwa ya ovyo. Ilikuwa njia nzuri iliyokatishwa kabla ya hatua ya mwisho. Kwa maandishi mafupi:

eneo = π × d × d ÷ 4

Na kwa kuwa 3.14 ukiigawa kwa nne ni 0.785, mafundi wanaopiga hesabu nyingi za mabomba na matanki wanafupisha zaidi: kipenyo mara kipenyo mara 0.785. Hiyo ndiyo robo tatu na kidogo. Ningekuwa na uwezo ningeiweka kanuni hii ubaoni kando ya ile ya nusu kipenyo, kwa sababu swali la maisha huja na kipenyo, na la mtihani mara nyingi vilevile. Swali la kipenyo cha sentimita 14 ndilo wimbo wa kila shule: mzingo 44, eneo 154. Mtunga maswali anayejua kazi yake, akiandika majibu ya kuchagua, lazima aweke 616, kwa sababu anajua kuna atakayezidisha 14 kwa 14 na kulikuta jibu lake limekaa pale linamsubiri.

Kutumia kipenyo moja kwa moja si ujanja wa leo. Katika maandishi ya mafunjo ya Misri yanayojulikana kwa jina la Rhind, yaliyonakiliwa na mwandishi Ahmose zaidi ya miaka 3500 iliyopita na ambayo leo yamo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, kuna swali la shamba la duara lenye kipenyo cha 9. Mwandishi anaagiza: ondoa moja ya tisa ya kipenyo, ibaki 8, kisha zidisha 8 kwa 8, eneo ni 64. Nusu kipenyo haimo kabisa, wala pai. Jibu letu la leo ni 63.6. Nililijaribu kwa banda la mjomba. Moja ya tisa ya sita ikiondoka inabaki 5.33, na hiyo ikizidishwa yenyewe inatoa karibu 28.4. Mmisri yule angekosea sakafu ya mjomba kwa kama sehemu moja ya tano ya mita ya mraba, kadiri ya mkeka mdogo wa mlangoni.

Ilibaki hesabu ya saruji, na hapo ukatokea mtego wa mwisho. Banda lilikuwa mita sita nje hadi nje, lakini sakafu iko ndani ya ukuta. Ukuta una unene wa sentimita 20. Mjomba mwenyewe akasema, haya, ondoa 20, kipenyo cha ndani ni mita 5.80. Fundi akatikisa kichwa. Kipenyo kinaupenya ukuta mara mbili, upande wa kuingia na upande wa kutokea. Ukitoa kwenye kipenyo unatoa unene mara mbili, inabaki mita 5.60; ukitoa kwenye nusu kipenyo unatoa mara moja, kutoka mita 3 inabaki 2.80. Ni duara lilelile. Ni hivyohivyo kwa makuti: paa likining'inia sentimita 60 nje ya ukuta, kamba ya paa inakuwa mita 3.60, na kipenyo cha paa mita 7.20, si 6.60.

Sakafu basi ni 0.785 × 5.6 × 5.6, karibu mita za mraba 24.6. Kwa zege la unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 2.46. Zege la kawaida la moja kwa mbili kwa nne hula kama mifuko sita na nusu ya saruji ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, hivyo mjomba alihitaji mifuko 16. Angepigiwa hesabu kwa kutumia 5.6 kana kwamba ni nusu kipenyo, angeambiwa anunue mifuko 64, na 48 ingegandia stoo wakati wa masika.

Swali la kukipata kipenyo chenyewe nalo si dogo, kwa sababu tepu ikiwekwa pembeni kidogo tu inasoma pungufu. Njia ya mafundi ni hii: shikilia mwanzo wa tepu ukingoni pasiondoke, kisha telezesha upande wa pili polepole kwenye ukingo wa mbele, ukisoma. Namba itapanda, itasimama, kisha itaanza kushuka. Ile kubwa kuliko zote ndiyo kipenyo, kwa sababu hakuna mstari ndani ya duara unaozidi ule unaopita katikati. Fanya hivyo kutoka sehemu mbili au tatu tofauti. Vipimo vikikataa kulingana, kitu hicho si duara bali kimebonyea, na hakuna kanuni ya duara itakayokupa jibu lake la kweli. Na uwe mwangalifu, maana ukikosea kipenyo kwa asilimia moja, mzingo utakosea kwa asilimia moja lakini eneo kwa asilimia kama mbili.

Pale tepu isipoweza kupita, kama kwenye tanki lililojaa au shina la mti, zungusha kamba, pima mzingo, kisha gawa kwa pai. Tanki la mjomba lilitoa mzingo wa mita 4.40, nayo ikigawanywa kwa 22/7 ni kipenyo cha mita 1.40. Eneo la kitako chake ni mita ya mraba 1.54, na kwa kimo cha maji cha mita 1.50 linabeba lita kama 2310, ukiupuuza unene wa ganda lake. Aliyeweka 1.40 mahali pa nusu kipenyo angejisifia lita 9240, mpaka siku ya ukame.

Banda limekwisha sasa, na mwembe uko nje ya ukuta unapostahili. Nawe siku ukiagiza msonge, kisima au meza ya duara, usimtajie fundi namba tupu. Mwambie ni kipenyo, nje hadi nje au ndani hadi ndani, kisha mtajie urefu wa kamba, nusu yake, na usimame pale mpaka fundo lipigwe.